Dekonti finali: jinsi ya kujua kama wamekukata kodi sawasawa

Kila mgodi ukipunguza watu hapa Lubumbashi, naletewa dekonti finali, yaani karatasi za hesabu ya mwisho ya mfanyakazi, za kuhakiki. Kosa ninalolikuta zaidi ni lile lile: pesa ya kuachishwa kazi imemwagwa ndani ya mshahara wa mwezi wa mwisho, kisha yote ikakatwa IPR, kodi ya mapato ya kazi, kama mshahara. Mfano wangu na viwango vyote vya kodi hapa ni vya malipo ya mwaka 2024, chini ya sheria ya kodi ya 1969 pamoja na marekebisho yake.

Hatua ya 1: Tenga pesa mafungu mawili.
Fungu la kwanza ni malipo ya kazi yako: siku ulizofanya mwezi huo, primu, saa za ziada, na konje, yaani likizo, ambayo hukuichukua. Konje hiyo naiweka hapa kwa sababu Sheria ya Kazi yenyewe inaihesabu kama sehemu ya mshahara, hata ikilipwa siku unayoondoka. Fungu la pili ni pesa unayolipwa kwa sababu mkataba umekatika au umefika mwisho wa kazi: malipo ya preavi, ile notisi ya kuachishwa, ambayo hukuifanya, au kiinua mgongo cha mstaafu. Fungu hili la pili lina kiwango chake, asilimia 10 tu, halipandi ngazi kama mshahara.

Hatua ya 2: Hesabu preavi.
Tumchukue fundi wa karakana mwenye mkataba usio na muda, miaka 6 kamili kazini, mshahara franga 2.080.000 kwa mwezi. Posho ya nyumba na ya usafiri nimeziacha nje ili hesabu isomeke. Mwajiri akikuachisha, preavi haipungui siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 kwa kila mwaka kamili. Kwa hiyo 14 + 42 = siku 56. Ukigawa mshahara kwa siku 26 za kazi, siku moja ni franga 80.000. Preavi yake basi ni franga 4.480.000.

Hatua ya 3: Kata mshahara kwa ngazi.
Kwanza mchango wa mfanyakazi kwa CNSS, mfuko wa bima ya jamii, asilimia 5: franga 104.000. Inabaki 1.976.000, nayo ndiyo inayopanda ngazi za IPR za mwezi:

- hadi 162.000, asilimia 3: 4.860
- kutoka hapo hadi 1.800.000, asilimia 15: 245.700
- 176.000 zilizobaki, asilimia 30: 52.800

Jumla 303.360. Juu ya 3.600.000 kuna ngazi ya asilimia 40, lakini mshahara wake haufiki huko. Ana mke na watoto 4, na kila mtu anayemtegemea anapunguza kodi kwa asilimia 2, mwisho watu 9. Watu 5 ni asilimia 10, yaani kodi inashuka hadi 273.024. Kama fishi yako ya mshahara inaonyesha watoto wachache kuliko ulio nao, dai hilo nalo, maana kampuni nyingi hazibadilishi faili mtoto akizaliwa.

Hatua ya 4: Kata preavi peke yake.
4.480.000 kwa asilimia 10: franga 448.000. Basi.

Hatua ya 5: Linganisha na karatasi uliyopewa.
Aliyechanganya mafungu anapata msingi mmoja wa 6.456.000. Pesa nyingi inavuka 3.600.000 na kuingia kwenye asilimia 40, hata kodi inafika 1.932.960 kabla ya punguzo la familia. Kwa njia sahihi, pia kabla ya punguzo, ni 303.360 + 448.000 = 751.360. Kabla ya punguzo hilo, fundi angeacha franga 1.181.600 mezani.

Kosa hili linaonekana hata bila kalkulata. Dekonti ikiwa na mstari mmoja tu wa IPR, shuku. Gawa IPR yote kwa pesa yote inayotozwa: ikikaribia asilimia 30, ambayo ndiyo dari ya sheria kwa kodi yote ikijumlishwa, na sehemu kubwa ya pesa yako ni preavi, wamechanganya. Kwa fundi wetu njia sahihi inatoa chini ya asilimia 12.

Kuna ujanja wa upande wa pili pia. Patro mwingine huandika primu za miezi ya nyuma kwa jina la "malipo ya mwisho wa mkataba" ili zikatwe asilimia 10. Wakaguzi wa DGI, ofisi ya kodi ya serikali, huangalia kilicholipwa, jina halitawazuia.

Hatua ya 6: Dai mapema.
Kama mshahara wako ni wa dola, omba karatasi ionyeshe kiwango cha kubadilishia, kwa kuwa ngazi zote ziko kwa franga. Kisha peleka hesabu yako kwa maandishi kwa mtu wa mishahara, ubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Kampuni inapaswa kupeleka IPR kwa DGI si zaidi ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata; kabla ya siku hiyo pesa bado iko mikononi mwao na kusahihisha ni kazi ya dakika chache. Wakikataa, peleka dekonti, mkataba na kopi ile kwa Inspeksheni ya Kazi, maana mahakama ya kazi haitakupokea kabla hujapita huko kwa usuluhishi.