Barua kwa wanachama: jinsi ya kupunguza viashiria kwenye chati

Assalaam aleikum na hamjambo wanachama.

Juzi nilikaa barazani Muyeye na mwenzetu aliyenunua EURUSD akapoteza. Chati yake ilikuwa na viashiria sita, na mishumaa imebanwa juu mpaka haisomeki. "Mwenyekiti, vinne kati ya hivyo vilisema bei imeshuka mno, itapanda," akaniambia. Nawaandikia hatua tulizofuata naye, kwa sababu chati za wengi wenu nimeziona na zinafanana na yake.

Hatua ya 1. Kwenye MT5 ya kompyuta, bonyeza Ctrl+I upate orodha ya viashiria. Kazi hii msiifanye kwa simu.

Hatua ya 2. Uliza kila kimoja kinahesabu nini. Hapa ndipo pesa zinapopotelea, kwa hiyo twende taratibu. Mwenzetu alikuwa na Stochastic na Williams' Percent Range, akawahesabu kuwa mashahidi wawili. Chukua mishumaa 14: bei ya juu kabisa 1.0900, ya chini kabisa 1.0800, na mshumaa wa mwisho umefunga 1.0815. Stochastic inatoa 15, Williams inatoa -85. Toa 100 kwenye 15 uone unapata nini. Ni hesabu ile ile, imevaa kanzu nyingine. Mkitaka kuhakikisha wenyewe, wekeni Stochastic %K 14 na Slowing 1, la sivyo namba zitapishana kidogo, kwani Slowing ya 3 inalainisha mstari.

RSI haiko sawasawa nazo, lakini nayo inakamuliwa kutoka bei zile zile za kufunga. Soko linaposhuka kwa nguvu, zote hukaa chini pamoja kwa muda mrefu huku bei ikizidi kuporomoka. Ndivyo ilivyomkuta.

Hatua ya 3. Futa, ubakishe viwili vyenye kazi tofauti. Mimi nabaki na Moving Average ya 50 kwa mwelekeo, na ATR ya 14 kupima bei inatembea kiasi gani. ATR ikisoma 0.0012, naweka kikomo cha hasara mara moja na nusu yake, yaani 0.0018 kutoka nilipoingia. Hata hivyo Moving Average huchelewa, na soko likiyumba pale pale itawageuza kila saa. Siku hiyo msiingie.

Hatua ya 4. Mwenzetu alifuta vyote, akafungua chati mpya, vikarudi. Tulihangaika mpaka magharibi. Kumbe zamani alihifadhi chati yake kwa jina `default`, na MT5 huitumia hiyo kwa kila chati mpya. Ukishasafisha, bofya kulia kwenye chati, chagua Templates kisha Save Template, na uiandike juu ya ile ya zamani:

```
default.tpl
```

Chati zilizokuwa wazi tayari hazibadiliki. Zifunge uzifungue upya.

Kikao kijacho kila mmoja aje na chati yake, aeleze kila mstari unahesabu nini.

Mwenyekiti wenu