SOMO: Wakala wa ajira amekutafuta kwa kazi ya benki pinzani, unamjibuje bila kumwaga siri za benki yako

Wakuu habari za muda huu. Naandika hili kwa ajili ya maofisa mikopo na mameneja mahusiano wa wateja wadogo na wa kati, maana ndio tunaovuliwa sana na ndio tunaoropoka sana. Mimi niko upande wa mikopo hapa Dar na siku hizi nakaa pia kwenye meza ya kuajiri, kwa hiyo sivii za watu wa benki nyingine zinanipitia, na mambo ninayoyakuta humo ndani mengine mwajiri wao akiyaona mtu anaweza kufukuzwa kazi kabla hata hajaitwa intavyu.

Tuchukue meseji ya kawaida kabisa, imeingia LinkedIn au wasapu saa nne asubuhi uko kazini:

"Habari. Nina nafasi ya Meneja Mahusiano, wateja wadogo na wa kati, benki inayokua haraka hapa Dar. Mshahara mzuri kuliko unaopata sasa. Nitumie sivii, ukubwa wa potifolio yako, wateja wako kumi wakubwa na riba mnayowatoza, nifunge orodha leo."

Hatua ya 1: usijibu kwa kifaa cha ofisi

Sio kompyuta ya kazini, sio imeli ya kazini, sio waifai ya tawi. Watu wa tehama wanaona kinachotoka, na benki nyingi zimeweka mfumo unaopiga kelele ukiambatanisha faili lenye namba za akaunti. Na hapa ndipo wengi wanaponasa: mtu hajampa wakala chochote, ila usiku amejitumia faili la Excel la wateja wake kwenye imeli binafsi "ili nijikumbushe namba za kuandika kwenye sivii". Hilo peke yake ni kosa la nidhamu, hata kama faili hukulifungua tena. Subiri utoke, jibu kwa simu yako na bando lako.

Hatua ya 2: jua unaongea na nani

Angalia maswali yake yanaanzia wapi. Wakala mwenye kazi kweli anaanza na wewe, umefanya nini, uko ngazi gani, notisi yako ni muda gani. Anayeanza na wateja wako na riba zenu huenda hana nafasi yoyote, katumwa kuchungulia tu, au ana nafasi lakini kinachonunuliwa ni orodha yako na wewe ni bahasha. Muulize benki ni ipi na kama kapewa kazi rasmi. Wengine watakuambia jina la benki ni siri mpaka hatua ya pili, hiyo ni kawaida, ila basi na sivii yako isubiri hatua ya pili. Akitaka hela ya usajili, funga mjadala, wakala wa kweli analipwa na anayeajiri.

Hatua ya 3: toa mkataba wako kabatini

Kabla hujajibu soma vipengele vinne. Cha siri, cha kutowachukua wateja baada ya kuondoka (angalia kinadumu muda gani), cha notisi, na mkataba wa mkopo wako wa mfanyakazi. Huu wa mwisho watu wanausahau halafu wanalia. Mara nyingi ukiacha kazi ile riba nafuu inageuka kuwa ya soko, au salio lote linadaiwa, kwa hiyo ofa inayoonekana nono inaweza kuliwa yote na rejesho jipya. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema isipungue siku 28 ukishapita mwezi wa kwanza wa ajira, ila mkataba wako unaweza kudai zaidi.

Na taarifa za wateja sio suala la mkataba tu. Sheria ya mabenki ya 2006 inadai usiri wa mambo ya mteja, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hiyo usijidanganye kwamba mkataba wako haukutaja neno "orodha".

Hatua ya 4: jibu lenyewe

Mimi ningeandika hivi:

"Habari, asante kwa kunitafuta. Naweza kusikiliza. Kabla ya kutuma sivii naomba kujua benki ni ipi, nafasi inaripoti kwa nani, na kama umepewa kazi hii rasmi. Wateja, ukubwa wa potifolio na riba ni taarifa za mwajiri wangu, sitaweza kuzitoa kwako wala kwenye intavyu. Naweza kueleza kazi niliyoifanya mimi na jinsi ninavyoifanya. Naomba sivii yangu isipelekwe popote bila mimi kukubali kwanza. Napatikana kwa namba hii baada ya saa 12 jioni."

Angalia kilichomo na kisichokuwemo. Limeandikwa kwa namna ambayo hata likipigwa skrinshoti likatua mezani kwa bosi wako kesho, hakuna mstari wa kukufunga. "Naweza kusikiliza" haimaanishi naondoka. Hakuna malalamiko. Na hili la malalamiko nisisitize, kwa sababu siri nyingi hazitoki kwenye namba, zinatoka kwenye sababu ya kuondoka. Mtu anaandika "nataka kutoka maana huku tawi letu linaunganishwa na la jirani mwezi wa sita" au "mikopo ya mahindi imetuangusha bodi imesimamisha kukopesha", hajaona kama ametoa siri, yeye anajieleza tu. Mpinzani hiyo sentensi moja inamtosha, kesho maofisa wake wako mlangoni kwa wateja wenu wa mahindi. Sababu yako iwe inakuhusu wewe: nataka ngazi ya juu, nataka wateja wakubwa zaidi, basi.

Atarudi. Kawaida anarudi hivi: "sawa sitaki majina, nipe sekta na kiasi tu". Kataa na hiyo. Ukisema "nina mteja wa vitenge mtaa wa Kongo ana mkopo wa milioni 800" umeshamtaja, Kariakoo watu wanajuana, atakayesikia atajua ni nani kabla hujamaliza sentensi.

Hatua ya 5: safisha sivii

Kipimo changu ni rahisi. Benki zetu zinatangaza hesabu za kila robo mwaka kwenye magazeti na tovuti zao. Kilichotangazwa pale, kama jumla ya mikopo ya benki nzima au uwiano wa mikopo chechefu wa benki nzima, unaweza kukitaja. Cha tawi lako au cha potifolio yako hakipo pale, ni cha ndani.

Mfano wa mstari ninaokutana nao: "Nasimamia potifolio ya bilioni 6.2, wateja 84, tawi la Kariakoo, chechefu 7.8%." Huyu kamwambia mpinzani ukubwa wa mkopo wa wastani, ni kama milioni 74, na kwamba tawi lina maumivu, maana kiwango ambacho Benki Kuu inataka tusikivuke ni 5%. Andika hivi badala yake: "Nimesimamia mikopo ya wafanyabiashara wa jumla na rejareja, nimevuka tageti ya mwaka miaka miwili mfululizo, na nimepunguza ucheleweshaji kwa kumfuatilia mteja kuanzia siku ya kwanza ya kuchelewa." Anayeajiri anapata anachotaka kujua, kwamba unakopesha na unakusanya.

Asilimia nazo zina mtego. Ukiandika mwaka huu "nimekuza kwa 40%" na LinkedIn yako ya mwaka jana ilishasema bilioni 4, mtoto wa darasa la saba atakupigia hesabu, ni bilioni 5.6. Kafute ile ya zamani kwanza.

Hatua ya 6: lile zoezi la siku 90

Ukifika intavyu ya pili utaambiwa andaa mpango wa siku 90, onyesha wateja utakaokuja nao. Mpango andaa, majina weka kando. Andika utaanzia masoko gani, utafika vipi kwa mawakala wa forodha, wenye maghala, vikundi vya wafanyabiashara, utatembelea biashara ngapi kwa wiki, utapima vipi mzunguko wa mtu asiye na vitabu vya hesabu. Haya ni ujuzi wako, umeyajulia kichwani, hakuna benki inayoyamiliki. Wakibana sana sema tu: "nisingependa mtu aliyeajiriwa kwenu afanye hivi kwa benki nyingine." Nikiwa upande wa pili wa meza jibu hilo mimi huwa linanipa sababu ya kumchukua mtu, kwa sababu aliyekuja na orodha ya kwao ataondoka na ya kwetu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Tukuyu: Asante mkuu kwa somo. Wakala ananidai salari slipu ya miezi mitatu, nimpe?

Dada, mtajie unachotarajia kulipwa, inatosha kwa hatua ya kwanza. Slipu yenyewe subiri mpaka kuna ofa ya maandishi, na kabla ya hapo angalia mkataba wako maana kuna waajiri wanahesabu mishahara kuwa siri. Ukiitoa, ifunike namba ya akaunti na makato ya mkopo, hayawahusu.

Kijana wa Mbagala: Kaka wateja wana namba yangu binafsi, ndio wananipigia. Nikihama nizifute?

Wao kuwa na namba yako sio kosa. Kosa ni wewe kuwapigia mmoja mmoja kuwahamisha, hasa kama una kile kipengele cha kutowachukua. Mteja akikutafuta mwenyewe mwambie umehama, mpe jina la aliyechukua nafasi yako, usimwambie "njoo huku riba ni ndogo". Na yale makundi ya wasapu ya wateja uliyoyafungua kwa ajili ya kazi, kabidhi uadmini kabla hujatoka.

Mzee wa Kausha: Mkuu mi nilishatuma. Juzi, orodha ya wateja 20, wakala kapotea hajibu. Nifanyeje?

Pole kiongozi. Usitume kingine chochote, na usifute meseji, zitakusaidia kuonyesha kilichotoka ni nini hasa. Mwandikie mara moja, kwa maandishi, kwamba ulituma bila ruhusa, aifute na asiitumie. Halafu muone mwanasheria wa kazi kabla hujaongea ofisini, sio baada. Sitakudanganya kwamba ofisini patakuwa pepesi, ila wateja hao wakianza kupigiwa simu na benki nyingine uchunguzi utaanza kwa aliyekuwa anawahudumia, na aliyejitokeza mwenyewe anasikilizwa tofauti na aliyekamatwa.

Neema wa Nai: Hapa Nairobi wakala kanipigia simu ya mezani ya branchi, wenzangu wote wanasikia 😩

Hahaha huyo hana adabu. Mjibu "umekosea, hiyo ni namba ya ofisi, tuma imeli", kata. Hujakubali wala kukataa kitu mbele ya watu. Akirudia kwa simu hiyo hiyo, achana naye, maana asiyeweza kutunza siri yako ya kutafuta kazi sivii yako nayo atairusha kokote.