Alama ya @, domeini na inboksi, kwa anayefungua imeili yake ya kwanza

Hatua ya 1: Fungua akaunti
Hapa sikai sana. Mimi huwa nawaanzishia watu na Gmail, kwa hiyo ndo ntakayoitumia. Nenda gmail.com, bonyeza `Create account`, jaza jina lako, tarehe ya kuzaliwa na jinsia, mpaka ufike kwenye kiboksi cha `Username`. Hapo simama kwanza usome hatua ya 2, maana wengi hukwama hapohapo.

Hatua ya 2: Ielewe anwani kabla hujaiandika
Tuchukue anwani hii (`example.com` imetengwa kwa ajili ya mifano tu, usiitumie kweli):

```
asha.mshonaji@example.com
```

Kilicho kushoto kwa @ ni jina lako wewe, kilicho kulia ndo domeini, yaani jina la mahali ambako sanduku lako la barua limewekwa. @ yenyewe, ambayo husomwa "et", kazi yake ni kutenganisha hivyo viwili, na barua ikitumwa kompyuta huanza na upande wa kulia, zinaitafuta domeini kwanza, barua ikishafika huko ndo jina la kushoto linaangaliwa iingie sanduku la nani. Kwa hiyo kunaweza kuwa na Asha mwingine kwenye domeini nyingine mwenye jina lilelile la kushoto na wala hamgongani.

Sasa kwenye kile kiboksi cha `Username` utaona `@gmail.com` imeshaandikwa pembeni. Usiirudie, wewe andika jina tu. Ukiweka @ humo kinakataa, kinakwambia herufi, namba na nukta tu ndo zinaruhusiwa. Ila siku ya kumpa mtu anwani unampa yote, na domeini yake. Kumwambia mtu "imeili yangu ni asha mshonaji" ni sawa na hujampa kitu.

Na tafadhali usianze na `www.`, hiyo ni ya tovuti. Usiache nafasi pia. Kibodi za simu zina tabia ya kuongeza nafasi zenyewe ukichagua neno lililopendekezwa, na nafasi hiyo huioni kwa macho, ila fomu inakwambia anwani si sahihi na wewe unaiangalia unaona mbona iko sawa kabisa. Futa mwisho wa anwani mpaka herufi ya mwisho ndo ujaribu tena. Herufi kubwa na ndogo kwenye Gmail hazina shida, hata nukta upande wa kushoto Gmail haizihesabu, lakini huduma nyingine zinaweza kuzihesabu, kwa hiyo zoea kuandika vilevile ulivyosajili. Kulia kwa @ ndo hakuna msamaha, nukta moja ikikosekana barua haifiki.

Kuipata @ kwenye simu bonyeza kitufe cha alama, simu nyingi za Android kimeandikwa `?123`, utaiona humo. Kwenye kompyuta itafute ilipochorwa, kibodi nyingi iko kwenye 2, unashikilia Shift.

Hatua ya 3: Jaribu kama anwani inafanya kazi
Hii usiiruke. Andika anwani yako kwenye karatasi, mpe mtu karatasi hiyo akutumie barua, usimtajie kwa mdomo. Kisha mwangalie yeye kwenye simu yake, maana kosa likiwepo huonekana kwa mtumaji, wewe utakaa unasubiri tu.

Akikosea domeini ikawa jina ambalo halipo kabisa, au domeini ipo ila jina la kushoto halipo, kwa kawaida atarudishiwa ujumbe wa kusema barua haikufika, kwenye Gmail unatoka kwa `Mail Delivery Subsystem`. Huo mwambie ausome, asiufute, ndani yake kuna anwani aliyoiandika, mlinganishe na karatasi herufi kwa herufi, hasa o na 0, l na 1.

Kosa baya zaidi ni lile lisilorudisha chochote. Anwani iliyokosewa ikiwa ni ya mtu mwingine wa kweli, barua inaingia kwake kimya kimya. Ndo maana nawashauri watu wasichague jina lenye namba nyingi, mtu akikosea tarakimu moja tu anaangukia kwa jirani yako wa namba.

Hatua ya 4: Inboksi
Inboksi ndo sehemu barua zinazokuja zinatua. Haiko ndani ya simu yako, iko kwenye kompyuta za mwenye domeini, simu inakuonyesha tu, kwa hiyo simu ikipotea unaingia kwa nyingine ukiwa na anwani na pasiwedi (na pengine uthibitishe kuwa ni wewe) unazikuta barua zako.

Usipoiona barua na mwenzako hakurudishiwa kitu, fungua `Spam`, ndo huko Gmail huweka barua inazozishuku. Gmail hufuta vya humo baada ya siku 30, basi usichelewe. Ukiikuta na unamjua aliyetuma, ifungue ubonyeze `Not spam`, itahamia inboksi.