Kofia ya viua: kuifua, kuirudisha umbo na kuiweka

Haya ni maelezo ya kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, ile ya kitambaa cha pamba chenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi. Tarabushi si humu. Ile ni sufu iliyogandamizwa, ukiitia majini inanywea na umbo halirudi, kwa hiyo ipige brashi kavu na uishie hapo.

Mfano nitakaoutumia ni kofia aliyoniletea kijana mmoja wa huku Ngamiani. Ilikuwa ya babu yake, nyeupe yenye uzi wa kahawia, na alitaka kuivaa harusini. Ilikaa mno imekunjwa, ikafanya makunyanzi mawili ubavuni, na kwa ndani palikuwa na mstari wa manjano wa jasho na mafuta ya nywele.

1. Pima kabla ya kulowesha

Chukua futikamba, upime mzunguko wa ndani pale kofia inapokalia paji la uso. Ya kijana ilisoma inchi 22 na nusu. Andika, maana ikishalowa hutajua tena ilikuwa na ukubwa gani.

Kisha bonyeza ubavu kwa vidole. Ukisikia inakwaruza kama karatasi, ndani mna karatasi ngumu au kile kitambaa cha gundi ambacho mafundi wanatia kwenye kola. Kofia nyingi za mashine ziko hivyo. Hiyo usiiloweshe. Karatasi itavunjika, na gundi ikiachia kitambaa kitafanya malengelenge ambayo hayaondoki. Ifute tu kwa kitambaa chenye povu, kisha kwa kingine chenye maji matupu.

Uzi wa rangi nao ujaribiwe. Lowesha kipembe cha kitambaa cheupe, ukikandamize juu ya uzi kwa upande wa ndani kwa dakika moja. Kikitoka na rangi, fua kwa maji baridi, haraka, bila kuroweka. Watu watakwambia utie chumvi au siki ili rangi ishike. Rangi inayochuja itachuja tu.

2. Kufua

Roweka nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya mche iliyokwanguliwa. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, sabuni ya mche haitatoa povu na itaacha utando wa kijivu kwenye uzi. Hapo tumia sabuni ya maji, au suuza kwa maji ya mvua. Ule mstari wa jasho upakwe sabuni, usuguliwe kwa mswaki laini kwa upande wa ndani tu. Viua usivisugue, kwa sababu nyuzi zinazozunguka tundu zikishachakaa tundu linaanza kupanuka. Sabuni ya unga siitaki kwenye kofia hizi; nyingi zina vitu vya kung'arisha, na kofia ya rangi ya maziwa inatoka na ubuluu usioeleweka. Dawa ya madoa yenye klorini ndiyo mbaya zaidi, inadhoofisha pamba.

Suuza mpaka maji yatoke safi. Usikamue kwa kusokota. Ifunge ndani ya taulo, kandamiza.

3. Wanga na kalibu

Hapa ndipo kofia nyingi zinapoharibikia, na mara nyingi kosa si la wanga bali la kalibu.

Kalibu ni kitu chochote cha mviringo chenye ubavu ulionyooka na ukubwa wa kofia. Ukitaka kujua upana unaohitaji, gawanya kipimo chako kwa 3.14. Kwa inchi 22 na nusu unapata inchi 7 na kidogo, yaani sentimita 18. Kijana alikuja na kopo la plastiki la upana wa inchi 7 kamili, ambalo mzunguko wake ni inchi 22, akaniambia, "Mjomba, hili si linatosha?" Kuingia inaingia, lakini ile nusu inchi iliyobaki ndiyo inayofanya ubavu ukauke na mawimbi. Tukazungushia kipande cha khanga kuukuu mara mbili, tukapima tena, tukaongeza mzunguko mmoja mpaka futikamba ikasoma 22 na nusu. Kalibu ikizidi ukubwa ni hatari zaidi, kwani mishono ya duara ya juu inavutwa na kuachia.

Napenda plastiki au bakuli la kioo. Kopo la bati linaacha kutu. Sufuria ya alumini inaacha weusi kwenye pamba mbichi, na mdomo wake ni mpana kuliko kitako, kwa hiyo kofia inakauka imetanuka chini. Ukikosa kingine, ifunike kwanza kwa nailoni safi, ambayo pia inazuia wanga usigandishe kofia kwenye kalibu.

Wanga wa muhogo unatosha. Koroga kijiko kimoja cha mezani kwenye maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye maji yanayochemka, jumla iwe nusu lita, endelea kukoroga. Ukiona weupe umegeuka ung'avu, umeiva. Wanga usioiva unakauka na kuwa unga mweupe unaopukutika kwenye kofia ya rangi. Uchuje kwa kitambaa, uache upoe mpaka mkono uvumilie. Tumbukiza kofia ikiwa bado na unyevu, ibonyezebonyeze wanga upenye tabaka zote mbili, kisha ikandamize kwenye taulo ibaki imeshiba bila kudondosha.

Ivishe kalibu. Mshono wa duara ya juu uukalishe kwenye ukingo pande zote, halafu ushushe ubavu kwa viganja. Pale penye makunyanzi ya zamani, pitisha mgongo wa kijiko ukibonyeza toka juu kwenda chini mpaka mstari ulale.

Sasa viua. Ukiitazama kofia kwenye mwanga utaona utando mwembamba umeziba matundu, unang'aa kama povu. Ukiuacha ukauke, kofia inakuwa ya moto kichwani na kudarizi hakuonekani. Subiri iwe na unyevu wa nguo inayongoja pasi, kisha zungusha kijiti cha meno ndani ya kila tundu. Kijiti, si sindano. Sindano inachoma uzi katikati na kuuchambua. Ukiwahi mno utando unajirudisha, ukichelewa unavunjika vipandevipande na kubaki kwenye uzi.

4. Kukausha

Kivulini, penye upepo. Jua la Tanga nalitumia kwa kofia nyeupe tupu peke yake. Usiitoe kwenye kalibu kabla ndani hapajakauka, na pasi usiisogeze, inalaza kudarizi.

5. Kuiweka

Ya kuvaa kila Ijumaa, ipindue juu ya bakuli, funika kwa kitambaa cha pamba. Usiibebanishe na nyingine, wala usiikunje kwa kufuata mstari uleule kila mara, kwani nyuzi za viua zinakatikia hapohapo.

Ya kuweka miezi, fanya kinyume cha uliyoyafanya: fua wanga wote utoke. Wanga ni chakula cha mende na wale wadudu wa fedha wanaokaa kabatini, na masika unaalika ukungu. Ikauke kabisa, ijaze nguo laini ndani ishike umbo, iingie kwenye sanduku la karatasi ngumu, si nailoni. Kafuri ifungwe kwenye kitambaa pembeni, isiguse kofia. Kila baada ya miezi miwili mitatu ifungue ipate hewa. Ukiona vidoa vyeusi, au ukisikia uvundo, irudishe hatua ya pili siku hiyohiyo. Wanga utautia upya siku mbili kabla ya shughuli.