Rosta ya likizo ya mwaka kwa wodi inayofanya kazi saa 24: hatua nilizomwonyesha dada wa Changamwe

Juzi muuguzi mwenzangu aliyekabidhiwa rosta katika hospitali ndogo huku Mombasa alinipigia akiwa amechoka. Kila mtu anataka Desemba, mkubwa anasema "panga tu". Tulikaa na karatasi zake, nikaona niziandike hatua hizi kwa yeyote mwenye kazi kama yake. Mfano ni wa timu yake: wauguzi 14, kila mmoja zamu 6 kwa wiki.

1. Hesabu zamu, usihesabu vichwa

Swali la "watu wangapi wanaweza kuondoka pamoja" hujibiwa na zamu. Wodi yake inahitaji watu 4 asubuhi, 3 mchana na 3 usiku. Hizo ni zamu 10 kwa siku, 70 kwa wiki. Watu 14 wanatoa zamu 84. Akiondoka mmoja zinabaki 78, wakiondoka wawili 72, watatu 66. Kwa hiyo kikomo ni watu wawili, na hata hapo umebakiwa na zamu mbili tu za akiba.

Kisha rudia hesabu hiyo hiyo kwa kazi isiyofanywa na kila mtu. Hapa ndipo rosta nyingi huvunjika, kwa sababu jumla inaonekana sawa huku chumba cha kujifungulia hakina mtu. Kila zamu lazima iwe na angalau mkunga mmoja, yaani zamu 21 kwa wiki. Wakunga wake ni 5, wanatoa zamu 30. Akiondoka mmoja zinabaki 24; wakiondoka wawili ni 18, na umekwama. Basi kanuni ya wodi hii ni watu wawili kwa wakati mmoja, na kati yao mkunga asizidi mmoja. Iandike juu kabisa ya rosta ili ombi likikataliwa kila mtu aone sababu.

2. Panga kwanza wiki mbili za mfululizo

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku za kazi zisizopungua 21 kila baada ya miezi 12. Kwa anayefanya kazi siku 6, hizo ni wiki tatu na siku tatu. Likizo inaweza kugawanywa mkikubaliana, lakini kipande kimoja kiwe angalau wiki mbili bila kukatwa. Watu 14 kwa wiki mbili ni wiki 28. Ziweke nje ya sikukuu, mtu mmoja mmoja, na nafasi ya pili iache wazi. Usiigawe kwa sababu inaonekana tupu: mmoja akienda likizo ya uzazi ya miezi mitatu, nafasi hiyo ndiyo itakayokuokoa.

3. Kusanya maombi

Fomu moja, tarehe moja ya mwisho. Maombi ya WhatsApp mimi siyapokei hata kidogo, maana hupotea katikati ya salamu za asubuhi na baadaye hakuna anayejua nani aliomba kwanza.

4. Sikukuu

Hatua hii ilinila usiku mzima mara ya kwanza, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Anza kwa kukata vipande vya sikukuu, na usivikate kwa wiki za kalenda. Chukua 2027. Krismasi ni Jumamosi, tarehe 26 ni Jumapili, kwa hiyo mapumziko yake yanasogea hadi Jumatatu tarehe 27. Ukikata Jumatatu hadi Jumapili, mtu mmoja anapata Krismasi na mwingine anapata Jumatatu yake. Mimi ningekata Desemba 23 hadi 28. Idi ya Mfunguo Mosi inatarajiwa karibu na Machi 10, lakini mwezi ndio utakaoamua, kwa hiyo kipande kiwe Machi 8 hadi 13 ili siku moja mbele au nyuma isimnyang'anye mtu sikukuu yake. Idi ya Mfunguo Tatu inaangukia karibu na Mei 16, ambayo ni Jumapili. Hapo kipande kianze Jumamosi na kiingie wiki inayofuata. Ijumaa Kuu ni Machi 26, wiki mbili tu baada ya Idi, kwa hiyo usiruhusu likizo nyingine kujibana katikati.

Kila kipande kipe pointi. Krismasi na Idi ya Mfunguo Mosi pointi 3 kila moja. Mwaka Mpya, Pasaka na Idi ya Mfunguo Tatu pointi 2. Anayepata likizo kwenye kipande anaandikiwa pointi zake. Wakigombea, mwenye pointi chache hupita kwanza. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kumuuliza mtu dini yake. Asiyetaka Krismasi haombi, halipi, na Idi ikija yuko mbele ya foleni.

Tazama ilivyokuwa kwenye mfano wetu wa Desemba. Nafasi ni mbili, waombaji wanne: mkunga anayetaka kwenda kwao Kakamega ana pointi 2, mkunga wa Majengo ana 3, muuguzi wa wodi ana 5, mwenzake ana 6. Wa Kakamega anapita. Anayefuata ni wa Majengo, lakini ni mkunga wa pili, kikomo kinamzuia. Nafasi inakwenda kwa mwenye 5. Wa Kakamega sasa ana 5, muuguzi wa wodi ana 8, na wa Majengo amebaki na 3 zake, kwa hiyo Pasaka yeye ndiye atakayewatangulia wote watatu. Mwambie hivyo siku hiyo hiyo, ana kwa ana.

Mambo ya kuangalia: mgeni kazini asianze na sifuri, atawaruka waliokesha miaka yote, mpe pointi za mtu wa katikati. Wakibadilishana, pointi zimfuate aliyepumzika hatimaye. Mtu ambaye ofu yake ya wiki imeangukia siku yenyewe ya sikukuu aandikiwe pointi 1, la sivyo utashangaa mtu yule yule ana ofu kila Krismasi bila kuomba. Na kila Januari gawanya pointi zote kwa mbili, ili deni la zamani lisimfunge mtu miaka mingi.

5. Laha

Google Sheets inatosha. Programu za kulipia sioni faida yake kwa watu 14. Majina yawe mistari ya 2 hadi 15, wiki ziwe safu, na likizo iandikwe L. Chini ya kila wiki weka:

```
=(14-COUNTIF(C2:C15;"L"))*6-70
```

Kama laha yako inakataa nukta-mkato, weka koma. Jibu ni zamu za akiba. Likiwa hasi, wiki hiyo imevunjika. Wapange wakunga mistari ya 2 hadi 6, kisha kwenye mstari mwingine:

```
=(5-COUNTIF(C2:C6;"L"))*6-21
```

6. Tangaza

Bandika ukutani rosta ya Desemba kabla ya Oktoba kwisha, pamoja na orodha ya pointi. Wanaokwenda bara wanahitaji kukata tiketi kabla nauli za basi hazijapanda. Kwa kila kipande cha sikukuu elewana mapema na lokamu mmoja, yaani muuguzi wa kushika zamu kwa muda, maana zamu mbili za akiba humalizwa na homa ya mtu mmoja ya siku tatu.