Kabla hujaandika barua ya kuomba udhamini wa ndondo ya mtaani

Barua nyingi za kuomba udhamini wa ndondo, yaani mashindano ya soka ya mtaani, huandikwa usiku mmoja baada ya kikao cha kamati. Katibu hufungua barua ya mwaka uliopita, akabadilisha tarehe na jina la kampuni, akaweka maneno "tutaitangaza kampuni yenu", kesho yake akaipeleka getini. Nimeziandika barua za namna hiyo kwa miaka kadhaa hapa Temeke. Zinapokosa jibu, sababu huwa si Kiswahili chake. Meneja amesoma mpaka mwisho na hajaona ananunua nini.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya barua. Tuchukue mfano: timu 16, mtoano, mechi mbili kwa siku Jumamosi na Jumapili. Raundi ya kwanza ina mechi 8, robo fainali 4, nusu fainali 2, kisha mshindi wa tatu na fainali. Jumla mechi 16. Nusu fainali ukizipa siku moja moja, na mshindi wa tatu na fainali siku moja, mashindano yanachukua siku 9 ndani ya wikiendi tano. Kampuni tunayoilenga ni ya maji ya chupa, kiwanda kiko humu humu wilayani, na mwenye kiwanda anakaa ofisini kwake. Hilo la mwisho lina uzito kuliko ukubwa wa kampuni. Meneja wa tawi la benki au la mtandao wa simu anaweza kukupenda sana, lakini barua yako ataipeleka makao makuu, na huko itakaa. Mwenye kiwanda anaamua mwenyewe, mara nyingine mbele yako.

Kitu cha kwanza cha kuwa nacho ni hesabu ya watu, na uihesabu kweli. Mwaka mmoja tuliandika "maelfu ya mashabiki kila siku". Mdhamini akaja bila taarifa, siku ya mechi ndogo, mvua imenyesha asubuhi. Watu hawakufika mia mbili. Hakusema kitu, alinywa soda yake akaondoka, na mwaka uliofuata simu yetu haikupokelewa.

Njia ya kuhesabu ni nyepesi. Nenda kwenye mechi yoyote inayochezwa uwanja huo huo, hata ya kirafiki, ukiwa na kamba ya mita 10. Subiri dakika ya 20 ya kipindi cha pili, kwa sababu wakati wa mapumziko watu wametawanyika kwenda kununua miwa na karanga. Pima mita 10 za mstari wa pembeni, hesabu waliosimama hapo, safu zote. Fanya hivyo sehemu tatu, moja karibu na katikati, moja kwenye kona, moja nyuma ya goli, kwa maana watu hujazana katikati na kupungua konani. Tafuta wastani. Tuseme umepata watu 28 kwa kila mita 10, na mashabiki husimama pande tatu, yaani mita 100 za upande mmoja na mita 60 nyuma ya kila goli. Hiyo ni mita 220, kwa hiyo watu kama 616. Andika "watu takribani 600 kwa mechi ya kawaida, kwa hesabu tuliyofanya uwanjani tarehe fulani". Namba hii ni ndogo kuliko "maelfu", lakini mwenye kiwanda akija ataikuta.

Kisha tembea uwanjani saa kumi na moja jioni uangalie jua. Wengi hawalifanyi hili, na ndilo linaloamua kama tangazo litaonekana. Viwanja vingi vina magoli kaskazini na kusini, na jioni watu hupenda kusimama upande wa magharibi ili jua liwe mgongoni. Wanaopiga picha na video kwa simu wako huko huko. Bango ukilitundika magharibi, wao wenyewe ndio watakaoliziba. Litundike ng'ambo, mstari wa mashariki, mwanga wa jua utalipiga usoni na litaingia kwenye kila video. Sehemu ya pili nzuri ni nyuma ya goli, kwa sababu penalti zote hurekodiwa, na hizo ndizo video zinazozunguka kwenye magrupu ya wasap mpaka usiku wa manane. Goli hilo lichague mapema. Usiahidi kwenye barua kwamba penalti za kuamua mshindi zitapigwa hapo, maana kwa kawaida mwamuzi hurusha sarafu kuamua goli la kuzipigia.

Sasa bajeti. Katika mfano wetu, kwa bei za kukadiria, waamuzi wanne kwa mechi kwa shilingi 15,000 kila mmoja ni 960,000. Mipira minne 240,000. Huduma ya kwanza 180,000. Spika na jenereta siku 9 kwa 80,000 ni 720,000. Mabango 180,000. Zawadi 1,500,000. Jumla 3,780,000. Kiingilio cha timu tukiweka 100,000, tunapata 1,600,000. Hiyo inalipa waamuzi, mipira na huduma ya kwanza, na inabaki 220,000 ya dharura. Kilichobaki ni spika, mabango na zawadi, 2,400,000. Hicho ndicho tunachomwomba mdhamini.

Mgawanyo huo ni wa makusudi. Mdhamini alipie vitu vinavyobeba jina lake. Spika inalitamka, bango linalionyesha, kombe na hundi ya mfano vinapigwa naye picha. Ukimwomba alipie waamuzi, fedha yake inaishia mifukoni mwa watu waliovaa nyeusi na hakuna anayejua. Jezi nazo zinavutia, lakini timu 16 zenye wachezaji 18 ni jezi 288, na nusu ya timu hucheza mechi moja tu zikaaga. Afadhali jezi za timu mbili za fainali.

Jina la mashindano lina mtego wake. Unaweza kumuuzia mdhamini jina lote, lakini kama bingwa amezoea kupewa mbuzi, watu wataita kombe la mbuzi hata mkichapisha nini. Mpe jina kama anataka, ila andika pia mara ngapi litatamkwa. Kwa mfano, mshereheshaji atalitaja kabla ya mechi, wakati wa mapumziko na baada ya kila goli, na ratiba zote za kubandikwa zitakuwa na nembo yake. Nembo yenyewe iombe kama faili la pdf. Picha iliyopita wasap ikikuzwa mpaka mita 3 inakuwa ukungu.

Ahadi ya kuwa mdhamini pekee ipimwe vizuri. Usiandike kwamba maji mengine hayatauzwa uwanjani. Huna uwezo wa kumfukuza kijana mwenye ndoo ya maji ya baridi, na ukijaribu utaugombanisha mtaa. Andika kwamba hakuna kampuni nyingine ya maji itakayotangazwa kwenye mashindano. Hilo liko mikononi mwako. Na kama kuna timu za watoto, amueni kabla kwamba kampuni za bia na za kubeti hazitaombwa. Ni vibaya kuanza mjadala huo wakati fedha imeshaingia.

Makaratasi nayapitia haraka. Kuwa na kibali cha chama cha soka cha wilaya, barua ya serikali ya mtaa, ruhusa ya maandishi ya mwenye uwanja (kwetu ni shule, kwa hiyo mwalimu mkuu), na taarifa iliyopelekwa polisi. Mabango yakitoka nje ya uwanja kwenda barabarani, uliza kwanza halmashauri kuhusu ada. Jambo linalokwamisha zaidi ni fedha. Mhasibu wa kampuni atataka risiti, na kamati ya mtaa kwa kawaida haina mashine ya EFD. Ukimpa namba ya simu ya mwenyekiti, umempa sababu ya kukataa. Kama kamati haina akaunti yake, mwombe mdhamini amlipe fundi wa mabango, mwenye spika na duka la kombe moja kwa moja, kwa ankara utakazomletea. Wengi hupumua wakisikia hivyo. Iliyobaki, yaani zawadi ya fedha, aikabidhi mwenyewe uwanjani mbele ya watu.

Ukishakuwa na haya, barua inakuwa ukurasa mmoja. Kumbukumbu namba, tarehe, anwani, halafu kichwa chenye kila kitu: "YAH: OMBI LA UDHAMINI WA SHILINGI 2,400,000 NA KATONI 54 ZA MAJI KWA MASHINDANO YA TIMU 16". Katoni 54 zimetoka wapi? Chupa 20 kwa kila timu kila mechi, timu mbili, mechi 16, ni chupa 640, na katoni ina 12. Maji yake mwenyewe hayamgharimu bei ya dukani, na chupa mikononi mwa wachezaji ni tangazo jingine. Kisha aya ya katikati, ambayo ndiyo roho ya barua:

"Kwa udhamini huu, kampuni yenu itapata mabango manne ya mita 3 kwa 1 siku zote 9, matatu mstari wa mashariki na moja nyuma ya goli la kaskazini; kutajwa na mshereheshaji kabla ya kila mechi, wakati wa mapumziko na baada ya kila goli; nembo kwenye ratiba zote; nafasi ya meza ya mauzo bila malipo; na fursa ya kukabidhi kombe na zawadi. Hatutatangaza kampuni nyingine ya maji. Ndani ya siku 14 baada ya fainali tutawaletea taarifa yenye picha za kila siku ya mashindano, hesabu ya watazamaji na nakala za risiti."

Bajeti, ratiba na nakala za vibali vinakuwa viambatanisho. Mtu wa kupiga picha hizo za kila siku ateuliwe kwa jina kabla barua haijatoka, la sivyo siku ya kumi na nne mtakuwa mnaomba picha kwa mashabiki.

Ipeleke wiki nane au kumi kabla ya mechi ya kwanza, ukiwa na nakala mbili. Moja inabaki, nyingine igongwe muhuri wa mapokezi urudi nayo. Uliza pale pale barua inakwenda kwa nani, andika jina lake nyuma ya nakala yako, na umpigie baada ya siku saba za kazi. Ukiambiwa haionekani, unayo yenye muhuri na tarehe, na utapeleka nyingine mchana huo huo.