Somo: Kukata maandishi marefu ya mkutano na kuunganisha mihtasari

Wakuu, wiki hii nimeulizwa jambo hili mara nne, naliandika hapa mara moja. Mfano ni mkutano wa wakulima wa viazi huku Uporoto: saa 3 za rekodi, maneno kama 21,000. Modeli ya lugha iliyo kwenye kompyuta yangu haibebi yote kwa mpigo.

1. Kila msemaji akae mstari wake, muda ukitangulia: `[00:41:15] Katibu: ...`

2. Kata kwa mistari, usije ukamkata mtu katikati ya kauli. Mimi nilikuwa na mistari 600:

```
split -l 100 mkutano.txt sehemu_
wc -w sehemu_*
```

Kipande kilichozidi wenzake sana kigawe tena.

3. Mistari 10 ya mwisho ya kila kipande ibandike juu ya kinachofuata.

4. Fupisha kila kipande kwa agizo lilelile.

5. Kuunganisha. Hapa niliharibu. Kipande cha 2 kilisema wamekubaliana mchango wa mbegu uwe shilingi 15,000. Kipande cha 5, baada ya kina mama kulalamika, wakashusha hadi 10,000. Kila muhtasari ulikuwa sahihi kwa kipande chake. Nilipoiunganisha, ikasomeka kama michango miwili, na mwenyekiti akawatangazia watu 25,000. Nililazimika kwenda mwenyewe kuwaomba radhi.

Tangu hapo agizo langu la hatua ya 4 linadai kila hoja ibaki na muda wake, na iandikwe kama ni pendekezo, uamuzi au badiliko la uamuzi. Wakati wa kuunganisha, panga kwa muda. Hoja ileile ikijirudia kwa muda uleule imetokana na ile mistari 10, bakiza moja. Maamuzi mawili juu ya jambo moja: la baadaye ndilo linalosimama, la awali litajwe kuwa limebadilishwa. Kisha kila kiasi cha fedha kitafute kwenye `mkutano.txt` kwa macho yako. Usiruke hili.

Mwanachama, Makambako: Mkuu, nikate vipande vingapi?

Hatua ya 2 ipo juu, ndugu. Idadi inatokana na urefu wa maandishi yako na uwezo wa modeli yako, na vyote viwili sivijui.

Mwanachama, Mafinga: Samahani kaka, kwa nini tusikate vidogo kabisa, maneno 500 hivi, tuwe salama?

Swali zuri, dada. Kipande kidogo hupoteza chanzo cha mazungumzo: mtu anasema "ile hela tuipunguze", na hela yenyewe ilitajwa vipande viwili nyuma. Tena utapata mihtasari zaidi ya 40, ambayo nayo huenda isiingie kwa mpigo. Ikifika hapo, unganisha inayofuatana mitano mitano, kisha matokeo yake, na muda usiufute. Pia usifuate vipimo vya maneno vilivyowekwa kwa Kiingereza. Modeli nyingi huvunja neno la Kiswahili katika tokeni nyingi zaidi, kwa hiyo acha nafasi.

Mwanachama, Tukuyu: Yangu imejaa "haisikiki". Mvua kwenye bati.

Sehemu hizo ziache zisomeke `[haisikiki]`, usizifute, la sivyo modeli itaunga kauli mbili zisizohusiana. Mkutano ujao weka simu mezani kwa katibu, na amwombe kila anayetaja kiasi akirudie.